Umebadilisha rangi ya gauni kwenye picha, marinda na maua yakapotea: chanzo na tiba

Tuchukue gauni moja tuende nalo mpaka mwisho. Ni gauni la samawati lenye marinda membamba kuanzia kiunoni hadi chini, na kitambaa chake kimechapwa maua madogo meupe yenye kiini cha njano. Mwenye duka alipiga picha nzuri ya gauni hilo likiwa limevaliwa, kisha mzigo wa pili ukaingia: gauni lilelile, mshono uleule, maua yaleyale, ila sasa ni damu ya mzee. Mwanamitindo hayupo tena. Anataka picha ileile iwe damu ya mzee, na mteja akifungua mfuko nyumbani akute rangi aliyoiona kwenye simu.

Natumia Photoshop kwenye maelezo haya, na majina ya vitufe nayaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini. Anayetumia GIMP au Photopea atakuta karibu kila kitu hapa kina mwenzake.

Kabla ya dalili yoyote, tafuta rangi unayoilenga. Usiichague kwa jicho kwenye kisanduku cha rangi. Chukua gauni lenyewe la damu ya mzee, au hata kipande cha kitambaa, kipige picha kwenye mwanga ulio karibu na ule wa picha ya kwanza, kisha soma rangi kwa Eyedropper. Badilisha Sample Size iwe 11 by 11 Average, maana pikseli moja ya kitambaa inaweza kuwa uzi mmoja unaong'aa au kitundu cheusi kati ya nyuzi mbili. Soma sehemu iliyo bapa, isiyo kivulini wala kwenye mng'ao. Tuseme umepata R 123, G 30, B 43. Sehemu kama hiyo kwenye gauni la samawati inasoma R 120, G 175, B 215. Namba hizi sita zitatufikisha mbali.

Dalili: gauni limekuwa kama limekatwa kwenye karatasi ya rangi

Hili ndilo kosa jepesi kulitambua na jepesi kulitibu. Marinda hayaonekani kabisa, nyuzi hazionekani, maua yamezama. Maana yake umepaka rangi kwenye leya iliyo kwenye modi ya Normal. Leya ya namna hiyo inafunika kila kilicho chini yake, na kupunguza Opacity hakusaidii: kunachanganya tu damu ya mzee na samawati, ukapata zambarau iliyochujuka.

Kuna sababu nyingine inayofanana na hiyo kwa nje lakini si hiyo. Kama modi yako si Normal na bado kitambaa kinaonekana laini kama plastiki, rudi kwenye picha ya awali uikuze hadi 100%. Mara nyingi nyuzi hazikuwepo tangu mwanzo. Kamera ya simu yenye kipengele cha kulainisha ngozi hailainishi ngozi peke yake, inapitia na kitambaa. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida nayo imepunguzwa ukubwa na kubanwa. Omba itumwe upya kama dokumenti, au upewe kwenye kadi ya kamera. Hakuna modi itakayorudisha uzi ambao faili halina.

Dalili: nimeweka damu ya mzee, limetoka waridi

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Umesikia kwamba modi ya Color inatunza vivuli, na ni kweli. Umeweka Solid Color yenye 123, 30, 43, ukageuza modi kuwa Color, na marinda yamebaki, nyuzi zimebaki. Ila gauni ni waridi. Unarudi kuchagua damu ya mzee iliyokolea zaidi, linatoka waridi lililokolea zaidi.

Modi ya Color inachukua kutoka juu aina ya rangi na kukolea kwake, kisha inauacha ung'avu kama ulivyokuwa chini. Ung'avu huo Photoshop inaupiga hesabu hivi:

```
ung'avu = 0.30 x R + 0.59 x G + 0.11 x B
samawati: 0.30x120 + 0.59x175 + 0.11x215 = 163
damu ya mzee: 0.30x123 + 0.59x30 + 0.11x43 = 59
```

Samawati yetu ina ung'avu wa 163, damu ya mzee ina 59. Umeiambia programu ilete wekundu ule lakini kwa ung'avu wa 163, nayo imetii: imeongeza 104 kwenye kila namba ya damu ya mzee na kupata R 227, G 134, B 147. Hiyo ni waridi, na si hitilafu. Damu ya mzee ni wekundu ulio gizani. Ukiondoa giza lake, hakuna damu ya mzee tena.

Kwa hiyo kila unapobadili rangi ya gauni, unabadili mambo mawili: aina ya rangi na kiasi cha mwanga ambacho kitambaa kinarudisha. Kipimo cha haraka ni kupiga hesabu hiyo kwa rangi zote mbili kabla ya kuanza. Zikikaribiana, tuseme samawati kwenda kijani mpauko, modi ya Color peke yake inatosha na kazi inaisha dakika chache. Zikiachana kama 163 na 59, lazima ung'avu nao ushughulikiwe.

Dalili: nimepunguza mwanga kwa Curves, marinda yamezama kwenye weusi

Hatua ambayo karibu kila mtu anaichukua baada ya waridi ni kuweka Curves chini ya leya ya rangi, kushika katikati ya mstari na kuuvuta chini. Rangi inakubali. Ukitazama mbali unafurahi. Ukikuza, nafasi kati ya rinda na rinda zimekuwa mistari myeusi isiyo na kitu ndani, na gauni linaonekana zito kama kapeti.

Tazama umbo la mstari wenyewe. Umeweka nukta moja, Input 163 na Output 59, na ncha mbili zimebaki pale zilipokuwa. Photoshop inaunganisha nukta hizo kwa mkunjo laini, si kwa mstari ulionyooka. Ili mkunjo upite 59 kisha upande ghafla hadi 255, upande wa kushoto lazima ubonyee, na unabonyea hadi kugusa sakafu. Vivuli vyote vya ndani ya marinda, ambavyo vilikuwa na ung'avu wa 80 kushuka chini, vinaishia kwenye weusi au karibu yake.

Sasa fikiria kitambaa halisi kinavyofanya kazi. Mwanga unaofika kwenye bonde la rinda ni mdogo kuliko unaofika kwenye ukingo wake, tuseme nusu. Kitambaa cha samawati kinarudisha sehemu fulani ya mwanga huo, na cha damu ya mzee kinarudisha sehemu ndogo zaidi, lakini nusu inabaki nusu. Uwiano kati ya ukingo na bonde haubadiliki kwa sababu kitambaa kimebadilika. Ukitaka marinda yabaki, linda uwiano huo, yaani zidisha kila pikseli kwa namba ileile moja. Curves yenye nukta moja haifanyi hivyo.

Levels inaweza. Kwenye Output Levels, vuta kitelezi cha kulia kutoka 255 hadi 92. Hapo kila pikseli imezidishwa kwa 92/255, na 163 imeshuka hadi 59 bila mkunjo wowote. Juu yake weka damu ya mzee kwenye modi ya Color. Marinda yamerudi.

Dalili: marinda yapo, lakini vivuli vinawaka wekundu

Linganisha picha yako na ile ya gauni halisi la damu ya mzee. Kwenye gauni halisi, bonde la rinda ni damu ya mzee yenye giza. Kwenye yako, bonde ni jekundu kama kaa la moto lililofunikwa jivu, na ukingo unaopigwa mwanga umechujuka. Ni tofauti ndogo, lakini ndiyo inayomfanya mtu aseme "hii imechezewa" bila kujua kwa nini.

Chukua pikseli moja ndani ya rinda ambayo kwenye samawati ilikuwa na ung'avu wa 85. Baada ya Levels inakuwa na 31 hivi. Modi ya Color inaitoa damu ya mzee kwa kupunguza kiasi kilekile kwenye namba zote tatu, na matokeo ni takriban R 95, G 2, B 15. Kwa uwiano tuliousema hapo juu, ilipaswa kuwa R 64, G 16, B 22. Modi ya Color inajumlisha na kutoa. Kitambaa kinazidisha.

Modi inayozidisha ni Multiply, na hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa karibu kila gauni linalotoka rangi nyepesi kwenda rangi nzito. Inahitaji leya mbili tu.

Ya kwanza ni Solid Color ya kijivu, R 128, G 128, B 128, kwenye modi ya Color. Hii inalivua gauni samawati yake na kuacha ung'avu mtupu, kwa hesabu ileile ya 0.30, 0.59 na 0.11. Usitumie Hue/Saturation kwa kuvuta Saturation hadi -100, kwa sababu yenyewe inapiga ung'avu kwa njia tofauti na nyuzi za rangi mbalimbali hutoka zikiwa zimelingana.

Ya pili, juu yake, ni Solid Color nyingine kwenye modi ya Multiply. Rangi yake si 123, 30, 43. Ukiweka hiyo, itazidishwa na kijivu cha 163 na gauni litatoka giza kupita kiasi, na hii ndiyo sababu watu wanaiacha Multiply wakidhani inaharibu. Gawanya kwanza: zidisha kila namba ya rangi unayoilenga kwa 255, kisha gawa kwa ung'avu wa gauni.

```
R: 123 x 255 / 163 = 192
G:  30 x 255 / 163 = 47
B:  43 x 255 / 163 = 67
```

Weka 192, 47, 67 kwenye Multiply. Sehemu bapa ya gauni inasoma 123, 30, 43, sawa na kitambaa halisi. Bonde la rinda linasoma 64, 16, 22. Ukingo ulio kwenye mwanga unapanda kwa uwiano wake. Hakuna Curves wala Levels, na kila unyuzi uliokuwepo kwenye samawati upo. Kama kitambaa kimechapwa au kimefumwa mapambo ya rangi ileile iliyokolea zaidi, nayo yanahama yenyewe bila wewe kuyagusa, kwa sababu yamo ndani ya ung'avu.

Weka leya zote mbili ndani ya kundi moja, na maski ya mzingo wa gauni iwe kwenye kundi, si kwenye kila leya. Hakikisha modi ya kundi ni Pass Through. Ikiwa Normal, leya ya kijivu haioni kilicho chini na gauni lote litageuka bapa, na utadhani umerudi kwenye dalili ya kwanza.

Dalili: maua meupe nayo yamekuwa mekundu

Bila shaka, kwa sababu leya zinapita juu yake. Lazima maua yatolewe kwenye maski. Kuyazungushia kalamu moja moja kwenye gauni lenye maua mia kadhaa hakuwezekani, na hata ukiweza, utachoka na kuyafanya yote yafanane.

Wengi hukimbilia kutenganisha kwa ung'avu: maua ni meupe, kitambaa ni cheusi zaidi, basi Blend If au Levels kwenye maski vitatosha. Jaribu kwenye gauni bapa utafanikiwa, jaribu kwenye marinda utakwama. Ua lililo ndani ya bonde la rinda lina ung'avu mdogo kuliko samawati iliyo kwenye ukingo. Utapata maua ya ukingoni meupe, ya bondeni mekundu, na vipande vya samawati vimebaki pale mwanga ulipopiga.

Kinachotofautisha ua na kitambaa ni rangi, si mwanga. Ua jeupe halina rangi popote lilipo, kivulini au juani. Kitambaa ni samawati popote kilipo, hata pale kilipofifia. Kwa hiyo tafuta mahali ambapo programu inahifadhi rangi mbali na mwanga. Mahali hapo ni Lab, mfumo unaoweka mwanga kwenye chaneli moja na rangi kwenye chaneli mbili, a na b.

Nenda Image, kisha Duplicate, ufute leya nyingine zote kwenye nakala ibaki ile ya picha ya awali tu. Kwenye nakala hiyo badilisha kwanza kuwa 16 Bits/Channel, halafu Lab Color. Fungua Channels ubonyeze ile inayoitwa b. Utaona picha ya ajabu ya kijivu ambamo marinda karibu yametoweka: chaneli hii haijui mwanga, inajua bluu na njano tu. Kisicho na rangi kinakaa karibu na 128, bluu inakuwa na giza zaidi, njano inakuwa na mwangaza zaidi. Samawati yetu inakaa karibu na 102 kwenye mwanga, na inapanda hadi kama 112 kwenye vivuli. Maua yako 128 na viini vya njano viko juu yake. Tazama ilivyo bahati nzuri: maua na viini vyote viko upande mmoja, kitambaa upande mwingine.

Sasa nakili chaneli hiyo yote. Rudi kwenye kazi yako, tengeneza kundi la pili ndani ya lile la kwanza, uhamishie humo leya mbili, uliongezee maski. Shika Alt ubonyeze maski hiyo ili uione yenyewe, bandika. Geuza kwa Ctrl+I ili kitambaa kiwe upande wa mwangaza. Weka Gaussian Blur ya 0.5 hadi 1 pikseli kutuliza chembechembe, kisha fungua Levels: kitelezi cheusi 130, cheupe 142. Kitambaa kinakuwa cheupe, maua yanakuwa meusi na kila petali na mzingo wake. Kwenye picha yako namba zitasogea kidogo. Tazama ua moja lililo ndani kabisa ya kivuli unapovuta, maana likikaa sawa hilo, mengine yote yamekaa.

Maski ya nje inashika mzingo wa gauni, ya ndani inashika maua. Usizichanganye kuwa moja, kwa sababu utahitaji kuzirekebisha kila moja kwa wakati wake.

Kama maua ya gauni lako yana rangi iliyo karibu na kitambaa, mathalani zambarau juu ya samawati, chaneli b haitatosha. Tazama chaneli a, inayotenganisha kijani na waridi, kwani huenda tofauti iko huko. Na kama haiko kwenye yoyote kati ya hizo mbili, hapo ndipo kazi ya mkono inapoanza, na bei ya kazi inapaswa kubadilika.

Dalili: kila ua limezungukwa na uzi wa samawati

Faili la JPEG kwa kawaida linahifadhi mwanga wa kila pikseli lakini rangi inahifadhiwa kwa vipimo vya nusu upana na nusu urefu. Kwa hiyo mpaka kati ya ua na kitambaa ni mkali kwenye mwanga na umefifia kwenye rangi, na samawati imemwagika pikseli moja au mbili ndani ya petali. Macho hayakuiona wakati kitambaa chenyewe ni samawati. Sasa iko peke yake katikati ya wekundu na nyeupe, inajitangaza.

Kwenye maski ya ndani, tumia Filter, Other, Maximum kwa pikseli 1, ambayo inapanua sehemu nyeupe kuelekea kwenye petali. Ikizidi, petali nyembamba zinaliwa. Basi badala ya kuendelea kupanua, weka leya ya Hue/Saturation juu ya kundi, ukate kwa maski ya mzingo wa gauni, uchague Blues na Cyans, uvute Saturation hadi karibu -80. Kwa kuwa gauni sasa halina samawati nyingine yoyote, leya hiyo haina cha kuharibu. Inasafisha uzi wa pembeni na pia ule ubaridi uliobaki ndani ya maua, maana petali jeupe lililozungukwa na samawati hupokea samawati kutoka kwa jirani zake.

Picha ikiwa imepigwa kwa faili ghafi la kamera, dalili hii karibu haipo. Ni sababu tosha ya kumuomba mpigapicha faili hilo.

Dalili: mng'ao wa satini umekuwa mchafu

Gauni letu ni kitambaa kisichong'aa, na kwake mambo yameishia hapo juu. Kwa satini kuna jambo moja zaidi. Mng'ao wa satini si rangi ya kitambaa. Ni mwanga wa taa au dirisha uliogonga juu na kurudi, na unabaki na rangi ya taa. Multiply imeupaka damu ya mzee, ukawa kama doa. Bonyeza mara mbili leya ya Multiply, nenda Blend If, kwenye Underlying Layer shika kitelezi cheupe ukiwa umebonyeza Alt ili kigawanyike, weka nusu moja 215 na nyingine 250. Mng'ao unajitokeza taratibu. Kwenye kitambaa chenye rangi nzito mng'ao huonekana zaidi kuliko kwenye chepesi, kwa hiyo usiogope ukiuona umeongezeka.

Dalili: mkono na kidevu vina ubluu usioeleweka

Gauni lilikuwa limerusha samawati kwenye ngozi, hasa upande wa ndani wa mkono uliolala ubavuni, na kwenye sakafu nyeupe chini ya pindo. Gauni limebadilika, mwanga wake haukubadilika. Tengeneza leya tupu kwenye modi ya Color, soma rangi ya ngozi iliyo karibu isiyo na ubluu, paka kwa brashi laini yenye Opacity ya 15 hadi 20%. Kwenye sakafu ondoa tu rangi. Ukipenda, ongeza wekundu kidogo sana pale pindo linapokaribia sakafu. Ukiona ni wekundu, umezidisha.

Dalili: nataka njano kutoka samawati, inakataa

Mwenye duka akipata mzigo wa tatu, wa njano, hesabu inageuka. Tuseme njano yake inasoma R 235, G 190, B 50. Ukigawa kwa 163 kama tulivyofanya, R inatoka 368, na skrini inaishia 255. Multiply inaweza kupunguza mwanga tu, haiwezi kuuongeza. Ukijaribu na modi ya Color, njano yenye ung'avu wa samawati inatoka kama haradali iliyochakaa.

Kwa hiyo ongeza Levels kati ya kijivu na Multiply, ukiinue kijivu kabla hakijapakwa. Kitelezi cheupe cha Input kipeleke 180 na cha katikati 1.6. Kijivu cha 163 kinapanda hadi 240, na rangi ya Multiply inakuwa 250, 202, 53. Kitelezi cha katikati kinapunguza tofauti kati ya ukingo na bonde la rinda, na hapa hilo ni sahihi: kwenye kitambaa chepesi mwanga hurukaruka kati ya marinda na kujaza vivuli, kwa hiyo marinda ya njano kweli huwa hafifu kuliko ya damu ya mzee.

Gharama iko kwenye kile cheupe. Chochote kilichokuwa juu ya 180 sasa ni bapa. Shika Alt unapovuta kitelezi, sehemu zinazopotea zitaonekana zikijitokeza kwenye weusi. Zikiwa nukta chache kwenye kingo za marinda, endelea. Zikiwa mapande, simama.

Na gauni jeusi usilikubali. Vivuli vyake vyote na nyuzi zake zote vinakaa ndani ya hatua thelathini au arobaini za ung'avu. Ukizivuta zijaze upana wa rangi nyepesi, utapata ngazi badala ya vivuli na chembe za kelele badala ya nyuzi. Ukiulizwa mapema gauni gani lipigwe picha ili mengine yatokane nalo, jibu ni lile jepesi lisilo jeupe kabisa, lenye ung'avu wa kati ya 170 na 210, na mwanga uliotoka ubavuni ili marinda yachore vivuli vyake. Kutoka hapo rangi zote nzito zinafikika.

Dalili: kwangu ni sawa, kwa mteja ni rangi nyingine

Kazi imetoka Photoshop ikiwa sahihi na kwenye simu damu ya mzee imepauka. Mara nyingi faili limehifadhiwa kwenye Adobe RGB, na mahali ilipopandishwa hapasomi wasifu huo wa rangi. Unapotoa faili, weka tiki kwenye Convert to sRGB. Kisha fungua picha iliyokwisha kutolewa, si faili la kazi, uisome tena kwa Eyedropper mahali palepale pa mwanzo. Kama faili la kazi lilikuwa sRGB, isome karibu na 123, 30, 43; kama lilikuwa Adobe RGB, namba zitasogea ingawa rangi ni ileile. Kisha ishike simu kando ya gauni lenyewe, mbele ya dirisha, uone.